Asilimia 2.5 ya nini? Kotesheni tatu za bima ya gari

Mdogo wangu alinitumia picha tatu za skrini, kila moja ni kotesheni ya bima kubwa ya gari lake, na chini yake swali moja: "Nichukue ipi?" Ya kwanza ilikuwa na ada ndogo kuliko zote, na nilijua moyo wake umeshaegemea huko. Mimi naamini ada inapaswa kutazamwa mwisho. Anza na yale ambayo kampuni imesema haitalipa, kisha eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake, ndipo uje kwenye ada. Watu wengi huenda kinyume, na kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana ada huandikwa kwa herufi kubwa katikati ya skrini.

Nimezirahisisha tarakimu ili hesabu ifuatike. Gari lina thamani ya 2,000,000. Kotesheni ya kwanza inataka ada ya 70,000 kwa mwaka, ya pili 84,000, ya tatu 95,000. Kabla ya kulinganisha chochote nilihakikisha kwamba zote tatu zimekata bima kwa thamani ile ile. Hilo si jambo dogo. Gari la 2,000,000 likiandikwa 1,500,000, ada hushuka na kotesheni hupendeza, lakini siku ya ajali kampuni inaweza kusema umekata bima ya robo tatu tu ya gari, hivyo nayo italipa robo tatu tu ya hasara. Zake zilikuwa sawa, tukaendelea.

Sasa eksesi. Picha ya kwanza ilisema asilimia 2.5. Ya pili ilisema asilimia 10. Ya tatu ilisema 15,000. Ukitazama haraka, 2.5 inaonekana nafuu mara nne kuliko 10. Swali la kuuliza ni: asilimia ya nini? Ile 2.5 ilikuwa ya thamani ya gari, kwa hiyo ni 50,000 kila unapodai, iwe umevunja taa au umepinda chasisi. Ile 10 ilikuwa ya hasara yenyewe, ila isipungue 20,000. Maneno "ya thamani" na "ya hasara" yalikuwa kwenye mstari mdogo chini ya tarakimu, na katika picha moja mstari huo ulikuwa umekatwa nusu. Nilimwambia arudi kwenye ukurasa, ashuke hadi mwisho, apige picha upya.

Tuzipitishe kwenye ajali mbili. Ya kwanza ni bampa na taa, hasara ya 60,000. Kotesheni ya kwanza inakuachia ulipe 50,000 mwenyewe, kampuni inaongeza 10,000 tu. Ya pili unalipa 20,000, ya tatu 15,000. Ajali nyingine ni kubwa, hasara ya 600,000. Ya kwanza bado unalipa 50,000, ya pili inapanda hadi 60,000, ya tatu imebaki 15,000. Gari likiharibika kabisa, ya pili inakudai 200,000. Hapo ndipo unapoona kwamba eksesi ya asilimia ya hasara inakubembeleza kwenye ajali ndogo na kukubana kwenye ile kubwa, wakati ni ile kubwa hasa iliyokufanya ukate bima.

Je, basi ile yenye eksesi ndogo ndiyo bora? Hapa natofautiana na ushauri unaotolewa mara nyingi. Kati ya ya kwanza na ya tatu, tofauti ya ada ni 25,000 kila mwaka, upate ajali usipate. Tofauti ya eksesi ni 35,000, na unaiokoa tu mwaka unaodai. Mtu anayedai mara moja katika miaka mitano atakuwa ameongeza ada ya 125,000 ili aokoe 35,000. Tena kwenye ajali ndogo wengi hawadai kabisa, kwa sababu ukidai unaweza kupoteza punguzo la ada linalotolewa kwa asiyedai, na punguzo hilo laweza kuwa kubwa kuliko fidia yenyewe. Kwa eksesi peke yake, basi, ya kwanza ingeshinda. Kama una 50,000 unazoweza kuzitoa siku yoyote bila kukopa, eksesi ya 50,000 haina cha kukutisha.

Kilichoiangusha ni sehemu ya yasiyolipwa. Kotesheni ya kwanza haikulipa wizi wa gari lisilo na traka, yaani kifaa cha kufuatilia gari lilipo, haikulipa mafuriko, wala haikulipa ajali yoyote ikiwa dereva ana leseni ya chini ya mwaka mmoja. Mdogo wangu hulaza gari kando ya barabara, gari halina traka, na mkewe amepata leseni juzi na ndiye anayeliendesha zaidi. Kwa mtu mwingine mwenye geti na leseni ya zamani, kotesheni hiyo hiyo ingekuwa chaguo zuri kabisa. Kwake yeye ni ada ya 70,000 kwa bima ambayo, siku nyingi za juma, gari likiwa mikononi mwa mkewe, haimkingi. Eksesi ina kikomo unachoweza kukipigia hesabu mapema. Tukio lisilolipwa halina kikomo: hasara yako ni gari zima.

Ya pili ililipa wizi bila sharti la traka na ilimkubali dereva mpya kwa kumwongezea eksesi, ila mafuriko ilikataa. Ya tatu ililipa mafuriko na kumkubali dereva mpya kwa masharti kama hayo, ila kwa wizi ilitaka traka ifungwe ndani ya siku 14 tangu bima ianze. Siku ya 15 bila traka, kinga ya wizi haipo, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Kwa hiyo mashindano ya kweli yalikuwa kati ya 84,000 na 95,000. Tofauti ni 11,000 kwa mwaka, kubwa kidogo ukijumlisha traka. Kwa upande wa pili kuna mafuriko, na kuna ile 200,000 ambayo mdogo wangu hawezi kuitoa kwa mkupuo. Nilimshauri ya tatu, lakini kwanza aiulize kampuni ya pili mambo mawili: kama inaweza kuweka kikomo kwenye eksesi yake, na kama mafuriko yanaweza kuongezwa kwa ada ya ziada. Maswali hayo hayana gharama, na mara nyingine kotesheni hubadilika baada ya mtu kuuliza. Walijibu kwamba mafuriko yanawezekana, kikomo hakiwezekani.

Akachukua ya tatu. Kabla hajalipa aliomba jina la mkewe liandikwe kwenye mkataba kama dereva, pamoja na kiasi kamili cha eksesi yake ya ziada, kwa kuwa picha ya skrini ilisema tu "eksesi ya ziada" bila tarakimu. Ilikuja 20,000 juu ya ile 15,000. Mkataba ulipofika aliuweka kando ya picha na kuvisoma mstari kwa mstari, maana kitakachotazamwa siku ya kudai ni mkataba, si kotesheni. Traka ilifungwa siku ya nne, na risiti yake akaituma kwa kampuni kwa barua pepe ili tarehe ibaki imeandikwa.