Nyumba ya kijijini imekamilika: chini ya picha tuandike nini?

"Nyumba ya familia kijijini imeisha baada ya miaka mingi ya kutuma pesa. Niweke maneno gani kwenye picha?"

Kabla ya kutafuta maneno matamu, amua nyumba itaitwa ya nani. Tuchukue mfano wa dada anayefanya kazi mbali, aliyeandika: "Hatimaye nyumba yangu imeisha. Miaka tisa ya jasho langu." Ana haki ya kujivunia. Kila hatua, kuanzia msingi hadi lenta, bati na plasta, ilisubiri mshahara wake. Lakini kiwanja ni cha mama yake, na aliyehesabu mifuko ya saruji na kugombana na fundi kuhusu mchanga mchafu ni mdogo wake. Ndugu wakisoma "nyumba yangu" wataona dai la mali, na dai hilo huenda halina msingi, kwa sababu kulipia ujenzi peke yake kwa kawaida hakubadilishi jina kwenye hati ya kiwanja.

Wapo watakaomshauri aandike "tumejenga" aachane na mengine. Ushauri huo unalinda amani, ila una gharama yake. Mchango wake ukifichwa leo, siku ya kugawana urithi atakayeukumbuka ni yeye tu. Hata hivyo naona picha ya mtandaoni si mahali pa kudai haki hiyo. Risiti za kutuma pesa na makubaliano ya maandishi na mama ndivyo vitakavyomsaidia, na maneno ya picha yabaki ya shukrani.

Kuhusu kiasi cha pesa, hoja zina uzito pande zote. Ukitaja jumla, wenye shida zao watakupima kwa jumla hiyo, ingawa ilitoka kidogo kidogo. Usipoitaja, kijana anayeanza kazi ataona jengo zuri na kudhani limeinuka kwa msimu mmoja. Mimi ningetaja muda na mikwamo, fedha ningeziacha. Kuta zilizosimama bila bati, mvua zikazinyeshea hadi baadhi ya tofali zikabidi zibadilishwe, hiyo ni habari ya kweli, nayo humfundisha kijana kuliko tarakimu.

Basi dada yule angeweza kuandika hivi: "Nyumba ya mama imekamilika. Miaka tisa, hatua kwa hatua, na kuna kipindi kuta zilikaa bila bati kwa sababu pesa ziliisha. Mimi nilituma, mdogo wangu akasimamia kila tofali. Asante sana, mdogo wangu. Karibu kwako, mama." Jasho lake limetajwa, na hakuna aliyenyang'anywa chake.

Picha asiiweke mtandaoni kabla mama hajahamia. Picha ya nyumba mpya isiyo na mtu, yenye madirisha na nyaya za umeme tayari, inaweza kumvutia mwizi, hasa ikibeba jina la kijiji. Na mama aulizwe kwanza kama anataka nyumba yake ionekane.