Tembo Laki Nne na Hesabu ya Vizazi Vitatu

Mwezi Machi 2021, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ulitangaza katika Orodha Nyekundu kwamba tembo wa savana wa Afrika yuko Hatarini Kutoweka na tembo wa msituni yuko Hatarini Sana Kutoweka. Wengi waliuliza inawezekanaje mnyama ambaye ripoti ya mwaka 2016 ilimkadiria kufikia takribani 415,000 barani kote, spishi zote mbili zikijumlishwa, aitwe mnyama anayeelekea kutoweka. Swali hilo ni la haki, na naona lawama ni yetu sisi tunaoandika habari za wanyama, kwa sababu tunataja daraja na kuacha kigezo kilichomfikisha mnyama hapo.

Vigezo viko vitano, vinavyoitwa kwa herufi A hadi E, na spishi ikitimiza kimoja tu inatosha. Kigezo D huangalia uchache wenyewe: spishi yenye wanyama waliokomaa chini ya 250 huwa Hatarini Kutoweka, hata kama idadi hiyo haipungui. Tembo wako mbali kabisa na mpaka huo. Kilichowaingiza ni kigezo A, ambacho hakiulizi wamebaki wangapi, bali wamepungua kwa asilimia ngapi katika miaka 10 au katika vizazi vitatu, kutegemea muda upi ni mrefu zaidi. Pale ambapo chanzo cha upungufu hakijakoma, asilimia 30 humweka mnyama katika daraja la chini la hatari, asilimia 50 humfanya kuwa Hatarini Kutoweka, na asilimia 80 humpeleka Hatarini Sana.

Kizazi hapa ni wastani wa umri wa wazazi wa watoto wanaozaliwa sasa, na kwa tembo wa savana umri huo ni takribani miaka 25. Tathmini ilikuta kwamba tembo hao wamepungua kwa angalau asilimia 60 katika miaka 50. Tukichukulia kwamba walipungua kwa mwendo ule ule muda wote, hiyo ni chini kidogo ya asilimia 2 kwa mwaka, kiasi ambacho mhesabuji anayeruka na ndege juu ya hifadhi hawezi kukitambua kati ya msimu mmoja na mwingine, kwa kuwa makosa ya kawaida ya kuhesabu ni makubwa kuliko hapo. Kwa mwendo huo, miaka 10 ingeonyesha upungufu wa asilimia 17 hivi, na tembo asingeingia katika daraja lolote la hatari. Ukiunyoosha hadi miaka 75, yaani vizazi vitatu, upungufu unakaribia asilimia 75. Jike wa tembo huchukua mimba karibu miezi 22 na huzaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo pengo ambalo panya wangeliziba kwa msimu mmoja humchukua tembo miongo. Ndiyo maana naamini kupima kwa vizazi ni sahihi kuliko kupima kwa kalenda.

Eneo nalo lina kigezo chake, B, na hapo pia watu hukosea wakidhani kwamba udogo wa eneo peke yake unatosha. Hautoshi: lazima pia mambo mawili kati ya matatu yathibitike, yaani eneo liwe limekatikakatika au lina sehemu chache, kuwe na upungufu unaoendelea, au idadi iwe inapanda na kushuka kupita kiasi. "Sehemu" huhesabiwa kwa tishio, si kwa ramani: mabwawa kumi yanayoweza kuangamizwa na sumu ya mto mmoja ni sehemu moja.

Kabla ya 2021 tembo hao wawili walitathminiwa kama spishi moja, katika daraja la chini la hatari. Tembo wa msituni, aliyepungua kwa zaidi ya asilimia 86 katika miaka 31, alikuwa amefichwa ndani ya wastani wa ndugu yake aliye wengi zaidi. Hakuna kigezo kilichobadilishwa ili apande madaraja mawili kwa mkupuo. Kilichobadilika ni nani anahesabiwa na nani.

Udhaifu wa njia hii ninaukubali. Miaka 75 inarudi nyuma kuliko hesabu nyingi za kuaminika za tembo, na mtathmini hulazimika kukadiria sehemu ya mwanzo kwa kielelezo cha kitakwimu. Kwa hiyo andiko la tathmini huambatanishwa na msimbo wa kigezo, mathalani A2, unaoonyesha kwamba upungufu ni wa wakati uliopita na kwamba chanzo chake huenda hakijakoma, hakieleweki au hakirekebishiki. Ningependa msimbo huo uchapwe kando ya jina la daraja kila linapotajwa gazetini, pamoja na idadi ya miaka iliyopimwa.