Muulizeni kama analala, msimuulize kama anampenda mtoto

Katika miaka yangu ya ukunga kwenye kliniki ya mama na mtoto, kuna swali moja la ndugu ambalo nimejifunza kuliogopa: "Kwani wewe humpendi mwanao?" Mama mwenye sonona baada ya kujifungua huwa ameshajiuliza swali hilo usiku mwingi, na anapolisikia kwa mume au mama mkwe hulipokea kama hukumu, akanyamaza, na ugonjwa ukaendelea ndani kwa ndani. Kwa hiyo naamini kwamba dalili za ugonjwa huu zielezwe kwa kuanzia mwilini, hasa kwenye usingizi, maana huko hakuna wa kulaumiwa.

Namkumbuka mama mmoja aliyemleta mtoto wake wa kwanza kwa chanjo ya wiki ya kumi, akiongozana na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa ameongezeka uzito vizuri. Mama alilalamikia kichwa na moyo kwenda mbio, basi. Nilimpima shinikizo la damu na wingi wa damu, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuleta malalamiko hayo, vikawa sawa. Ndipo nikamwuliza, "Mtoto akilala, nawe unapata usingizi?" Akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga, kisha akasema kwamba mtoto hulala tangu saa tatu hadi saa saba usiku, lakini yeye hukaa macho akisikiliza kama bado anapumua.

Kila mwenye mtoto mchanga huchoka, lakini mchovu wa kawaida akipata nafasi husinzia hata akiwa ameketi. Mama anayekosa usingizi ilhali mtoto amelala na nyumba imetulia, siku baada ya siku, anahitaji kuangaliwa. Nilipoendelea kumwuliza kwa upole, alisema kwamba chakula hakina ladha, wageni wanamchosha, na machozi humtoka bila sababu tangu siku ya nne, ingawa wakati ule aliambiwa ni kawaida. Aliyemwambia hakukosea, kwani machozi ya siku ya tatu hadi ya tano huwapata wazazi wengi homoni zinaposhuka ghafla, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yake yalikuwa yamepita wiki tisa.

Mama mkwe alisikiliza yote, kisha akasema taratibu, "Mimi nilidhani ananichukia." Nilimweleza kwamba huu ni ugonjwa, si kiburi wala uvivu wala upungufu wa imani, na kwamba hata mama aliyemtamani mtoto kwa miaka mingi unaweza kumpata. Kisha nikauliza nani anamsaidia usiku. Aliyekuwa akimkanda na kumpikia uji alikuwa ameondoka baada ya arobaini. Hapo ndipo desturi yetu nzuri inapokatika mapema mno, kwa sababu sonona hii inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, na mara nyingi huonekana wakati wasaidizi wameshafunga mizigo.

Tulitumia kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987, chenye maswali 10 kuhusu hali ya mama katika siku saba zilizopita. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Ndugu wengi hawathubutu kuligusa jambo hilo wakihofia kumtia mama wazo, lakini kuuliza hakumtii wazo, bali humfungulia mlango wa kusema. Yeye alijibu kwamba alishatamani alale asiamke. Siku hiyohiyo alionwa na daktari, akapangiwa vikao vya mazungumzo na dawa ambayo mama anaweza kuitumia huku akinyonyesha, na familia ikaelezwa kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, ili asiiache njiani. Mama mkwe alichukua zamu ya usiku hadi saa nane, akimnywesha mtoto kwa kikombe maziwa ambayo mama alikuwa ameyakamua.

Kuna hali nyingine, ya nadra, isiyosubiri kliniki. Mara nyingi huanza ghafla katika wiki mbili za mwanzo: mama hasinzii kabisa na wala haonekani kuchoka, maneno yake hayaungani, anasikia sauti, au anasema mtoto amebadilishwa. Familia inayoamini ni majini inaweza kuendelea na dua, lakini mama afikishwe hospitali siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake, na asiachwe peke yake na mtoto.

Chanjo ya wiki ya 14 ilipofika, mama yule alirudi. Machozi yalikuwa bado yanamjia mara mojamoja, lakini alikuwa akilala saa nne mfululizo. Mama mkwe ndiye aliyenieleza, kwa sababu sasa kila asubuhi, kabla hajamuulizia mtoto, humwuliza mkwewe, "Umelala, mwanangu?"