Tusiombe Ruhusa ya Kumaliza Mkataba

Neno lililotugharimu zaidi katika barua pepe ya kumaliza mkataba wa ulinzi wa jengo letu lilikuwa neno la adabu, "tunaomba". Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa jengo la fleti 12 jijini Dar es Salaam, na Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025 niliiandikia kampuni iliyokuwa ikitulinda sentensi ambayo wakati ule niliiona imekamilika: "Tunaomba kusitisha huduma zenu ifikapo mwisho wa mwezi ujao." Mkataba wetu uliruhusu upande wowote kuumaliza kwa notisi ya maandishi ya siku 30, na hesabu yangu ilikuwa kwamba walinzi wangeondoka mwisho wa Julai.

Nilituma ujumbe huo kwa ofisa masoko aliyekuwa akishughulika nasi siku zote, kwa sababu ndiye niliyemfahamu. Aliufungua Jumanne ya tarehe 1 Julai na kujibu kwa upole kwamba amepokea ombi letu siku hiyo na kwamba uongozi utalijadili. Kwake yeye, aliyesoma tarehe 1 Julai, "mwisho wa mwezi ujao" ulikuwa mwisho wa Agosti, na hata Agosti ilipofika tuliambiwa kuwa ombi bado halijakubaliwa. Ankara ziliendelea kuja. Walinzi wawili kwa shilingi 450,000 kila mmoja ni 900,000, na ukiongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 unapata shilingi 1,062,000 kwa mwezi. Tulilipa Agosti, tukalipa na Septemba, yaani shilingi 2,124,000 za wakazi ambao walikwisha kubaliana na mlinzi mwingine.

Nilikasirika, lakini niliposoma upya barua yangu nilikiri kwamba haikuwa na kitu cha kusimamia. Mtu anayeomba hukubaliwa au hukataliwa, na nilikuwa nimewapa nafasi hiyo mimi mwenyewe. Ilhali haki ya kumaliza mkataba kwa notisi haihitaji ridhaa ya upande wa pili, kwani ridhaa hiyo ilitolewa siku mkataba uliposainiwa. Kiswahili chetu cha barua kinatufundisha kuomba kila kitu, hata kile kilicho chetu, na katika barua nyingi jambo hilo halimdhuru mtu. Katika notisi linadhuru. Maoni yangu ni kwamba neno "tunaomba" liondolewe kabisa katika sentensi inayomaliza mkataba, libaki katika sentensi moja tu: ile inayoomba uthibitisho.

Vitenzi vyetu vya jambo hili navyo vina utata wake. "Kuvunja mkataba" ndiyo kauli ya mitaani, lakini humaanisha pia kukiuka masharti, na haifai mtu anayefuata kifungu halali ajieleze kama mkiukaji. "Kusitisha" limezoeleka katika mikataba mingi, ila kwa masikio mengi ni kusimamisha kwa muda, kama tunavyosema kusitisha mapigano. Ninachofanya sasa ni kutumia kitenzi kilekile kilichomo katika kifungu cha mkataba, kisha ninaongeza maneno yanayokifunga: kwamba mkataba utakoma moja kwa moja na hautahuishwa. Nyongeza hiyo ilikuwa ya lazima kwetu kwa sababu mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja unaojihuisha wenyewe.

Tarehe 28 Agosti 2025, siku ya Alhamisi, nilianza upya. Kabla ya kuandika lolote nilifungua mkataba kutafuta kifungu cha notisi, ambacho mara nyingi hukaa mwishoni karibu na sahihi, na nikakuta kimetaja anwani maalumu ya barua pepe ya ofisi kuu, ambayo sikuwahi kuitumia. Hilo si jambo dogo. Sheria kielelezo ya biashara ya kielektroniki iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1996, ambayo nchi nyingi zimeifuata, inasema kwamba kama mpokeaji ameteua mfumo wa kupokelea ujumbe, basi ujumbe unahesabiwa umepokewa unapoingia katika mfumo huo. Ukipelekwa kwenye mfumo wake mwingine, unahesabiwa pale tu anapouchukua. Ndiyo tofauti iliyoniponza mwezi Juni: barua iliyotumwa Ijumaa kwa mtu asiye sahihi ilianza kuhesabiwa Jumanne, mwezi mwingine. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayokataza ujumbe kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini kama mkataba unadai barua iliyofikishwa ofisini kwa mkono, barua pepe peke yake haitoshi. Chapisha, saini, peleka, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe.

Baada ya anwani nilihesabu siku. Siku ya kupokea sikuihesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo hesabu ambayo kampuni isingeweza kuipinga. Siku ya kwanza ikawa tarehe 29 Agosti, siku ya tatu tarehe 31, na siku ya 30 ikaangukia Jumamosi ya tarehe 27 Septemba. Ningeweza kuandika 27, lakini nilichagua Jumanne ya tarehe 30 Septemba, kwa sababu tulikuwa tukilipa kwa mwezi na siku tatu za ziada zilinilinda endapo mtu angedai kuwa alipokea barua siku moja au mbili baadaye. Mkataba ungesema "mwezi mmoja kamili wa kalenda" badala ya "siku 30", hesabu ingebadilika: notisi ya tarehe 28 Agosti ingefaa kwa Septemba yote, lakini ya tarehe 2 Septemba ingesukumwa hadi mwisho wa Oktoba.

Lililobaki ni saa, na hapa msemaji wa Kiswahili ana tatizo lake mwenyewe. Zamu ya usiku huanza saa 12 jioni na kuisha saa 12 asubuhi, na usiku tunaouita wa kuamkia tarehe 1 wengine wanauhesabu kuwa wa tarehe 30. Kampuni inayotaka kutoza siku moja ya Oktoba ingeipata hapo. Kwa hiyo niliandika zamu ya mwisho kwa ncha zake zote mbili, na kutaja mchana au usiku kila mara. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"YAH: NOTISI YA KUSITISHA MKATABA WA ULINZI, SIKU YA MWISHO 30 SEPTEMBA 2025

Ndugu Meneja,

Kwa mujibu wa kifungu cha notisi cha mkataba wetu wa ulinzi, kamati ya wakazi inawapa notisi ya maandishi ya siku 30, inayoanza kuhesabiwa kesho, Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025. Mkataba utakoma Jumanne tarehe 30 Septemba 2025 na hautahuishwa. Zamu ya mwisho itaanza saa 12:00 jioni ya tarehe 30 Septemba na kumalizika saa 12:00 asubuhi ya Jumatano tarehe 1 Oktoba 2025. Zamu hiyo ni sehemu ya malipo ya Septemba.

Tunaomba mtuthibitishie kwa kujibu barua pepe hii, kabla ya mwisho wa siku ya Alhamisi tarehe 4 Septemba 2025, tarehe mliyopokea notisi hii, siku ya mwisho ya mkataba, na kwamba ankara ya Septemba itakuwa ya mwisho. Kuchelewa kwa uthibitisho hakutabadilisha siku ya mwisho iliyotajwa hapo juu."

Hayo tu. Sikueleza kwa nini tunaondoka, ingawa nilikuwa na mengi ya kusema, maana sababu humfungulia msomaji mlango wa kuijibu sababu badala ya notisi. Malalamiko yaandikiwe barua yake. Notisi yenyewe niliiweka ndani ya ujumbe na pia kama PDF iliyosainiwa na mwenyekiti, kwa kuwa mkataba ulisainiwa naye, na kampuni ingeweza kuhoji kama katibu ana mamlaka ya kuumaliza. Wajumbe wawili wa kamati nao niliwapelekea nakala.

Dakika chache baadaye lilikuja jibu la mashine: barua yako imepokelewa, namba ya shauri ni hii. Watu wengi huishia hapo, wakaridhika. Jibu la namna hiyo linaonyesha kwamba ujumbe ulifika, jambo lenye thamani, lakini halisemi chochote kuhusu tarehe 30 Septemba. Nililihifadhi pamoja na barua niliyotuma, na si kwa kupiga picha ya skrini: katika Gmail nilitumia "Download message", inayokupa faili la .eml lenye taarifa zote za safari ya ujumbe, ambazo picha haina.

Jibu la binadamu lilifika Jumanne tarehe 2 Septemba. Lilisema: "Tumepokea barua yenu na huduma zitaendelea hadi mwisho wa mwezi kama mlivyoomba." Mtu mwenye haraka angeshukuru. Mimi niliona mwezi usiotajwa jina, na nikaona "mlivyoomba" limerudi kutoka kwao. Nilijibu saa hiyohiyo, nikinukuu sentensi yao, kwamba tunaielewa kuwa mkataba unakoma tarehe 30 Septemba 2025 kwa notisi tuliyoitoa, na nikarudia mambo yale matatu. Kesho yake yakaja yote matatu, kwa tarehe kamili.

Wiki hiyohiyo ofisa masoko alimwandikia mwenyekiti kwa WhatsApp akitoa punguzo la bei, na mwenyekiti, ambaye ni mtu mpole, alikuwa tayari kujibu "tutafikiria". Nilimsihi asiandike hivyo. Kauli hiyo, ikiwekwa kando ya notisi, inaweza kusomwa kuwa notisi imelegezwa, na kampuni ikapata sababu ya kuwabakiza walinzi Oktoba. Alijibu kwa adabu kwamba notisi ya tarehe 28 Agosti inabaki kama ilivyo na kwamba mawasiliano yote yapite barua pepe.

Kulikuwa na watu wengine waliostahili tarehe iliyo wazi, nao ni walinzi wenyewe. Kwa miezi miwili ya mvutano ule walikuwa wakiniuliza getini kama bado wana lindo, na sikuwa na jibu. Baada ya uthibitisho wa tarehe 3 Septemba msimamizi wao aliweza kuwapangia kituo kingine, na mkubwa wao kwa umri aliniambia, "Sasa katibu, hata nyumbani naweza kuwaambia." Asubuhi ya tarehe 1 Oktoba walikabidhi funguo za geti, tochi na kitabu cha matukio. Tuliandika saa ya makabidhiano katika ukurasa wa mwisho wa kitabu hicho, tukasaini pande zote mbili, na nakala yake nikaituma kwa anwani ileile iliyotajwa katika mkataba.