Fimbo za Koitalel zilirudi kwa sababu hazikuwa makumbushoni

Tangu nihamie Uingereza, kila mara mada ya vitu vilivyochukuliwa na wakoloni inapozuka, jamaa zangu wa Nandi Hills na marafiki wa Kisumu huniuliza swali lile lile: ikiwa Waingereza walikubali kurudisha fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 2006, mbona wanatukatalia vitu vingine? Ni swali la haki, lakini linachukulia kwamba aliyerudisha fimbo zile ni serikali au makumbusho fulani, na sivyo ilivyokuwa. Fimbo hizo tatu zilikuwa nyumbani kwa mtu binafsi, na mwenye nyumba alipoombwa akakubali kuzitoa. Nimekuja kuamini kwamba tofauti hiyo, ambayo nikiwa nyumbani sikuwahi kuisikia ikitajwa, ndiyo inayoamua mambo mengi kuliko hoja zote za haki na dhuluma tunazozitoa kwenye mikutano.

Kisa chenyewe wengi wetu tumekulia nacho. Wanandi walikuwa wamepigana na utawala wa Kiingereza na reli yake kwa takriban miaka 10 wakati Kapteni Richard Meinertzhagen wa jeshi la King's African Rifles alipomwita Koitalel, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wa kiroho, kwenye mazungumzo ya amani, tarehe 19 Oktoba 1905, na badala ya mazungumzo Koitalel na watu aliokuja nao wakauawa kwa risasi. Uchunguzi ulifanywa mara tatu na kila mara kapteni akaonekana hana hatia, ingawa mwaka uliofuata aliondolewa Afrika Mashariki. Fimbo za uongozi za Koitalel kapteni akaondoka nazo. Zilikaa katika familia ya kapteni karne nzima, hadi mtafiti kutoka kwetu alipozifuatilia akazikuta kwa mwana wa Meinertzhagen, na leo ziko katika makumbusho ya Koitalel Samoei pale Nandi Hills.

Mtu binafsi anaweza kufungua kabati na kukukabidhi kilichomo. Makumbusho ya taifa ya Uingereza hayawezi, hata msimamizi wake awe na huruma kiasi gani. Sheria ya mwaka 1963 inayoongoza British Museum inawaruhusu wadhamini kutoa kitu katika hali chache tu, kwa mfano kikiwa ni nakala ya kingine walicho nacho, au kikiwa hakifai tena kuhifadhiwa na kuondoka kwake hakutawadhuru wanaokuja kujifunza. Mwaka 2005 mahakama ya London iliulizwa kama deni la kimaadili linaweza kuvunja katazo hilo. Kesi ilihusu michoro iliyoporwa na Wanazi, na wadhamini wenyewe walikuwa radhi kuirudisha kwa warithi wa mwenyewe. Mahakama ikasema haiwezekani. Ilibidi Bunge litunge sheria nyingine mwaka 2009 kwa ajili ya mali zilizoporwa enzi za Wanazi, na sheria hiyo haikugusa koloni hata moja. Kwa hiyo Wapokomo wanapodai ngoma yao takatifu, Ngadji, ambayo imo katika ghala la British Museum tangu mwaka 1908, jibu wanalopewa halitokani na ukaidi wa ofisa mmoja, na kumpigia ofisa huyo kelele hakutalibadilisha.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo ninalotaka watu wa kwetu walitazame zaidi: makumbusho ya vyuo vikuu na ya mabaraza ya miji. Haya hayafungwi na sheria ile ya 1963. Yana wadhamini wake na taratibu zake za kupokea madai, na yakiridhika yanaweza kuachilia. Cambridge iliirudishia Uganda masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, tangu mwaka 1962, na mwaka 2024 vitu 39 vingine vilipelekwa Kampala kutoka chuo hicho hicho. Vile vya mwaka 2024 vilikwenda kwa mkataba wa mkopo, na hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Anayetia sahihi ya kukopa amekiri kwamba mwenye mali ni mkopeshaji. Dhahabu ya Waasante iliyoporwa Kumasi ilirudi Ghana mwaka huo huo kutoka London kwa njia hiyo hiyo ya mkopo wa miaka mitatu, na nawaelewa waliokubali, maana waliona nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Hata hivyo, chuo ambacho hakizuiwi na sheria ile ya 1963 hakina sababu ya kutukopesha vitu vyetu, na tusikubali kuanzia hapo.

Lakini ili udai, lazima kwanza ujue kitu kiko wapi. Mradi ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho mawili ya Ujerumani, la Cologne na la Frankfurt, ulikusanya orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za ng'ambo, na hizo ni zile zilizojibu barua. Mtu wa Nyanza au Magharibi anayetafuta mwenyewe kwenye orodha za mtandaoni asiandike "Luo" au "Luhya" peke yake, maana atakosa vingi. Makarani wa wakati ule waliandika "Kavirondo" kwa wote wawili, Wakipsigis wakawaita "Lumbwa", na mahali pengine wakaridhika na "British East Africa" bila neno la ziada. Namba ya usajili nayo husaidia, kwa sababu mara nyingi huanza na mwaka, ila mwaka huo ni wa kitu kuingia makumbushoni. Ngao iliyosajiliwa 1932 yaweza kuwa ilichukuliwa vitani mwaka 1905, ikakaa ukutani kwa mstaafu fulani mpaka alipokufa na mjane wake akaitoa. Ukiona jina la mtoaji, litafute katika majina ya maofisa waliotumwa kwetu. Usipofanya hivyo, dai lako litasomeka kama malalamiko tu.

Hapo fimbo za Koitalel zilikuwa na bahati isiyo ya kawaida. Aliyezichukua anajulikana, siku inajulikana, na zilipatikana mkononi mwa mwanawe wa kumzaa. Hata hivyo, sipendi tunavyoitegemea shajara ya Meinertzhagen kama msahafu. Watafiti wa ndege walithibitisha katika miaka ya 1990 kwamba huyu bwana aliiba mizoga ya ndege iliyohifadhiwa makumbushoni, akaibandika vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uongo, kisha akaiita yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa shahidi pekee wa kilichotokea siku ile. Mapokeo ya Talai, ukoo wa Koitalel, yaani nani alikuwepo, fimbo zilikuwa na kazi gani na zilirithiwa vipi, ni ushahidi wa kuandikwa na kuwekwa sahihi sasa, wakati wazee bado wapo, kwa sababu kamati za huku husoma karatasi.

Nikilinganisha huku na nyumbani, siwezi kusema kwamba huku kila kitu ni ubaya. Nimewahi kuomba kuonyeshwa vitu vya Wanandi katika ghala la makumbusho moja. Nilijaza fomu, nikasubiri wiki kadhaa, nikapokewa kwa adabu, nikapewa glavu na penseli kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi, na vitu vikaletwa kwa toroli katika trei zenye sponji. Vilikuwa safi na vikavu. Havikuwa na mtu wa kuvieleza, na aliyevileta aliniuliza mimi kibuyu kimoja kilitumikaje. Kwenye Makumbusho ya Kisumu, kwa upande mwingine, mwanafunzi wa darasa la tano anaingia katika lile boma la Kijaluo la Ber-gi-dala akiwa na maswali, na hakosi mtu wa kumjibu ambaye bibi yake aliishi katika boma kama lile. Wanaosema vitu viko salama zaidi Ulaya wakumbuke pia kwamba mwaka 2023 British Museum ilitangaza kuwa vitu vyake takriban 2,000 vilikuwa vimeibwa, kupotea au kuharibiwa, na mtuhumiwa alikuwa wa ndani.

Sisi nasi tuna uzembe wetu. Vigango 30, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia wafu wao, vilivyorudishwa kutoka Denver mwaka 2019 vilikwama uwanja wa ndege wa Nairobi kwa sababu vilidaiwa ushuru wa forodha, kana kwamba ni samani zilizoagizwa na tajiri. (Vingi kati ya vigango vilivyoko Marekani viliibwa baada ya uhuru, kwa hiyo mkono wa Mkenya mwenzetu ulikuwamo.) Na kitu kikishatoka forodhani, nani anakipokea? Makumbusho ya Taifa yana sheria ya mwaka 2006 inayoyapa mamlaka juu ya turathi, Katiba ya 2010 inazitaja makumbusho katika kazi za kaunti, na ukoo wenyewe unasema kitu ni chake wala si cha kaunti wala cha Nairobi. Wadhamini wa huku wanaujua mvutano huo, na wakitaka kuahirisha jambo hulitaja kwanza. Maelewano ya maandishi kati ya pande hizo tatu, yanayosema nani mwenye mali, nani mtunzaji na ni siku zipi wazee wanaruhusiwa kukitoa kabatini kwa ajili ya mila, yangewaondolea kisingizio hicho.

Linabaki suala la kichwa. Mapokeo ya Wanandi yanasema kwamba baada ya kuuawa, Koitalel alikatwa kichwa na kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo hakuna taasisi iliyosema kinapatikana kwake. Watu wengi nyumbani wanadhani katazo la 1963 linakizuia nacho, lakini mabaki ya binadamu yana sheria yake. Kifungu cha 47 cha sheria ya mwaka 2004 kuhusu tishu za binadamu kinaziruhusu taasisi tisa za taifa, British Museum na makumbusho ya historia ya viumbe yakiwemo, kutoa mabaki ya mtu aliyekufa ndani ya miaka 1,000 iliyopita. Wenyeji wa visiwa vya Torres Strait, Australia, waliitumia njia hiyo, na mwaka 2011 makumbusho hayo ya viumbe yakakubali kuwarudishia mabaki ya watu 138. Kwa hiyo mlango uko wazi kisheria, na kazi iliyobaki ni ya kutafuta: barua moja kwa kila taasisi kati ya hizo tisa, na nyingine kwa vyuo vya udaktari vilivyokusanya mafuvu, ikitaja tarehe ya kifo, jina la Meinertzhagen, majina yote ambayo karani angeweza kuandika, na utayari wa wazao kutoa sampuli za kulinganisha vinasaba. Nikiulizwa nani atie sahihi, nitasema wazee wa Talai kwanza, kisha kaunti ya Nandi na Makumbusho ya Taifa chini yao, katika karatasi hiyo hiyo moja.