Mwenye yadi aliniambia ukweli wa vile nilivyoviona tu

Mwaka jana nilinunua Toyota IST kwenye yadi moja hapa Tanga kwa shilingi milioni 11. Yadi siitaji, lakini nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu kila wiki namwona mtu akizunguka gari pale kama nilivyozunguka mimi.

Nianze na haki yake. Kabla sijamuuliza, mwenye yadi alifungua boneti akanionyesha boliti za fenda ya kushoto. Zilikuwa zimechubuka rangi kwenye kona, alama ya spana. "Kaka, hii iligongwa mbele, taa tumebadilisha." Kweli, taa ya kulia ilikuwa na jina la kiwanda cha Kijapani kwenye kioo, ya kushoto haina maandishi yoyote. Muuzaji anayekuonyesha kovu la gari mwenyewe unamwamini, nami nikamwamini kwa mengine yote. Hapo ndipo nilipokosea.

Dashibodi ilisoma kilomita 86,000. Wiki tatu baadaye fundi wangu wa Ngamiani alifungua mlango wa dereva, akapangusa vumbi kwenye ukingo wa fremu, ikaonekana stika ndogo ya Kijapani ya kubadilishia oili. Tarehe yake ilianza na 25, kilomita 112,480. Nikadhani ni mwaka 2025. Fundi akanieleza kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao, na 25 ya enzi ya Heisei ni mwaka 2013. Kuna stika zinazoandika kilomita za kubadilisha oili safari ijayo, yaani kama 5,000 mbele. Hata ukizipunguza, gari lililopita 107,000 mwaka 2013 haliwezi kuwa na 86,000 leo. Mileji ilirudishwa. Nani aliirudisha sijui, lakini aliyeniambia "hizo ni kilomita zake halisi" ni mwenye yadi, na stika ilikuwa kwenye mlango ambao yeye anaufungua kila siku.

Gia boksi nayo ilificha ubovu wake mpaka ilipopata joto. Siku ya kujaribu aliniachia dakika tano tu, mzunguko mmoja mpaka barabara kuu na kurudi. Gari baridi lilibadilisha gia laini kabisa. Wiki ya tano, nikitoka Muheza, mshale wa mizunguko ya injini ukapanda na gari halikuongeza mwendo, kisha likashtuka likaingia gia. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia haidroliki ya gia boksi injini ikiwa ya moto na inanguruma, akapaka tone kwenye karatasi nyeupe: rangi ya kahawa, harufu ya kuungua. Mafuta hayo huwa mekundu. Yangefikia hali ile kwa wiki tano? Fundi alisema hapana, nami nakubaliana naye.

Nikarudi yadi. Siku ya kulipa alikuwa amesema, mbele ya shemeji yangu, "miezi mitatu, injini na gia boksi ni juu yangu." Safari hii akaniuliza tuliandikiana wapi. Risiti ilikuwa na mstari mmoja chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na mstari wa risiti hauifuti. Lakini ahadi ya mdomo inataka shahidi, na shemeji alikuwa ameshahamia Mwanza. Nililipa laki tisa mwenyewe kwa gia boksi iliyotumika.

Kadi ya gari ndiyo iliyonichosha zaidi. Jina kwenye kadi halikuwa la yadi, lilikuwa la mtu wa Arusha aliyewauzia bila kuhamisha umiliki TRA. Hilo sikuambiwa, niliambiwa "kadi wiki mbili". Ili nihamishe ilibidi apatikane mtu yule, na TIN yake, na mkataba wa mauziano unaoanzia kwake. Zilipita wiki kumi na moja. Muda wote huo gari nililolilipia lilikuwa mali ya mtu nisiyemjua, na faini za barabarani zilikuwa zikisoma namba ile ile ya gari. Nilipoiangalia namba kwenye mfumo wa polisi nilikuta deni mbili za kabla yangu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada yangu kwenye yadi hiyo hiyo. Tuliomba kuona kadi kwanza, tukaomba kuendesha mpaka Pongwe na kurudi ili gari lipate moto, kisha nikamwomba mwenye yadi aandike kwa mkono wake kwenye mkataba: injini na gia boksi, siku 90, na kilomita zinazosomeka ni halisi. Aliandika injini. Akashika kalamu muda, akasema gia boksi na kilomita haandiki.

Dada akamrudishia ufunguo.