Waandishi wa tepu wa Leningrad

Roki ya Umoja wa Kisovyeti ikizungumzwa, hadithi inayopendwa ni ile ya mbavu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mjini Leningrad, palikuwa na duka kwenye barabara kuu ya Nevsky ambako mtu aliweza kurekodi salamu za sauti kwa mashine ya Telefunken iliyoletwa kutoka Ujerumani baada ya vita. Kijana Ruslan Bogoslovsky aliichunguza mashine ile mpaka akaunda ya kwake, na kwa kuwa hakuwa na plastiki ya kuchongea santuri, yeye na wenzake walitumia filamu za eksirei zilizokwisha kazi hospitalini. Walizikata duara kwa mkasi, wakachoma tundu la katikati kwa sigara, na sindano ikachonga upande mmoja tu. Ukiinyanyua sahani kwenye mwanga unaziona mbavu za mgonjwa asiyejulikana. Ilibeba wimbo mmoja wa dakika tatu hivi, na haikuchukua muda kuchakaa. Bogoslovsky na mwenzake Boris Taigin walikamatwa mwaka 1950, kisha wakafungwa, lakini wengine waliendelea kuchonga, na roki ya Marekani ilipofika katika miaka ya 1950 ilipita njia hiyohiyo.

Ni hadithi nzuri, na picha zake zinavutia macho. Ila naona imeifunika ile kubwa zaidi iliyofuata. Muziki wa mbavu ulikuwa biashara: fundi anachonga, mtu wa kona anauza, mnunuzi anakwenda nao nyumbani akitumaini hakupunjwa. Tepu ilipoingia majumbani katika miaka ya 1960, muuzaji hakuhitajika tena. Kila mwenye mashine alikuwa kiwanda. Nitakalolisema hapa ndilo hili: aliyenakili zile tepu alikuwa mmoja wa watengenezaji wa muziki wenyewe, na anastahili kutajwa hivyo.

Chukua albamu moja. Mwaka 1982 Viktor Tsoi na Aleksei Rybin wa bendi ya Kino walirekodi nyimbo zao za kwanza kwa Andrei Tropillo. Kikazi, Tropillo alikuwa mwalimu wa kikundi cha watoto wanaojifunza kurekodi sauti, katika nyumba ya mafundi vijana ya wilaya moja ya Leningrad. Mwaka mmoja kabla, bendi ya Akvarium ilikuwa imerekodi hapohapo Albamu ya Buluu. Kampuni pekee ya santuri nchini, Melodiya, ilikuwa ya serikali, na bendi hizi hazikuwa na nafasi kwake. Kwa hiyo Tropillo alitoa albamu kama kampuni inavyotoa, lakini kwenye tepu za magurudumu, huku picha ya jalada iliyosafishwa kwa mkono ikibandikwa kwenye boksi. Albamu ya Kino iliitwa “45”, kwa urefu wake wa dakika.

Sasa hesabu. Gurudumu la kawaida la sentimita 18 lilibeba mita 525 za tepu. Mashine ikienda kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, inakupa dakika 45 na ushei. Albamu nzima inaingia, shwari. Lakini rafiki yako wa mji mwingine ana gurudumu la mita 375, na tepu nzuri dukani hazipatikani kila siku. Kwa kasi ileile, upande mmoja wa lake unakwisha kwenye dakika ya 33, na tuseme upande wa pili una albamu nyingine. Afanye nini? Ana njia mbili. Aache nyimbo tatu au nne, au ashushe kasi mpaka 9 na nusu, ambapo dakika zinakuwa zaidi ya 60, nyimbo zote zinaingia, lakini matoazi yanafifia na herufi “s” ya mwimbaji inakuwa kama imefunikwa blanketi.

Huyo anayeamua usiku, peke yake, wimbo gani uachwe, ndiye anayeamua mji wake utaijua albamu ipi. Mtaani wanakiliaji hawa waliitwa “waandishi”. Naambiwa ni mchezo wa maneno tu, kwa kuwa Kirusi hutumia kitenzi kimoja kwa kuandika na kurekodi. Mimi nalichukua neno hilo kwa uzito wake wote.

Kunakili hakukuwa kubonyeza kitufe ukaondoka. Ilitakiwa mashine mbili na waya kati yake, na albamu ya dakika 45 ilichukua dakika 45. Kila nakala iliongeza mvumo wake juu ya mvumo wa iliyotangulia, ule wa “shhh” unaousikia pale wimbo unapotulia. Nakala ya nne ina mvumo wa nakala nne juu ya ule wa tepu ya asili. Kama mashine iliyorekodi ilikwenda polepole kidogo kuliko ile itakayopiga, sauti hupanda: tofauti ya asilimia 6 inatosha kumpandisha mwimbaji nusu noti nzima. Na kama hedi, kile kichwa cha mashine kinachogusa tepu, imeinama kidogo tu, sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza. Mnakiliaji makini alisafisha hedi kwa spiriti, akacheza na skrubu yake ndogo huku akisikiliza, mpaka ile “s” ing'ae, ndipo akaanza kurekodi.

Matoazi hufa mapema, besi inabaki ikinguruma bila umbo, lakini maneno yanayoimbwa yanavumilia, maana sauti ya mtu iko katikati, pale tepu mbovu inapojitahidi zaidi. Wengi wamesema roki ya Kirusi ni muziki wa maneno kwa sababu ya ushairi wao na waimbaji wa gitaa moja waliotangulia, akina Okudzhava na Vysotsky, ambao nao walienea kwa tepu. Ni kweli. Naongeza tu kwamba nakala ya tano ilichuja ilichochuja: bendi iliyotegemea mlio mkubwa wa gitaa ilifika mji wa mbali ikiwa magofu, na bendi yenye gitaa la mbao na maneno yanayosikika ilifika nzima. “45” imejaa gitaa la mbao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema marufuku iliupa muziki ule utamu. Marufuku iliunyima studio na ikaunyima tepu safi. Hata jela haikuwa mbali: mwaka 1983 Aleksei Romanov wa bendi ya Voskresenie alikamatwa kwa shtaka la kufanya biashara binafsi, kwa kuwa maonyesho yao yalilipiwa. Kilichouokoa muziki ni kazi ya mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye boksi lolote.

Wengi wa kwetu walisoma Moscow na Leningrad miaka hiyo. Kama kwenye sanduku la mjomba au shangazi kuna gurudumu la tepu lenye picha iliyobandikwa, usikimbilie kulipiga. Linuse kwanza, tepu ya asetati iliyoanza kuharibika hunuka siki, nayo hukatika kirahisi. Kisha mtafute mwenye mashine yenye kasi zote mbili, na umwelekeze asiuondoe mvumo. Tena asikate ule mwisho ambapo tepu inakwisha katikati ya ubeti. Hapo ndipo utamsikia mwandishi mwenyewe: gurudumu lake lilikuwa la mita 375, na alichagua kasi ya 19.